Jenereta ya "tatu na nusu": namna ya kusoma maelezo ya jenereta na inveta kabla ya kulipa

Tangazo ambalo mkazi wa Tabora hukutana nalo mara kwa mara, liwe limebandikwa mlangoni mwa duka au limetumwa kwenye kundi la WhatsApp, husomeka takriban hivi: "Jenereta 3.5 kVA, petroli, sailenti, inawaka saa 13, inaendesha friji, friza, pampu, pasi na tivii." Mnunuzi anaposoma maneno hayo huelewa kwamba kwa tangi moja la mafuta vifaa vyote vilivyotajwa vitafanya kazi kwa pamoja, bila kelele, kwa saa kumi na tatu. Akishafika nyumbani Ipuli au Isevya na kuunganisha nyaya, friza inanguruma bila kuanza kufanya kazi, taa zinafifia, na jirani anatoka nje kuuliza kelele hizo zinatoka wapi. Mnunuzi huamini kwamba ametapeliwa, na muuzaji huapa kwamba hakusema uongo.

Mara nyingi wote wawili wana sehemu ya haki. Namba nyingi katika maelezo ya namna hiyo ni za kweli, ila kila moja imepimwa katika hali yake. Nguvu hutajwa ile ambayo mashine inaweza kuitoa kwa muda mfupi ikisukumwa hadi mwisho, saa za kuwaka hupimwa mashine ikiwa imebeba nusu tu ya mzigo wake, na kelele hupimwa mpimaji akiwa amesimama mita saba kutoka ilipo. Namba hizo haziwezi kuwa za kweli zote kwa wakati mmoja, na mkanganyiko mwingi wa wanunuzi unaanzia hapo.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tukubaliane kuhusu majina. Jenereta ni injini inayochoma petroli au dizeli na kuzungusha kinu cha kuzalisha umeme. Inveta haizalishi umeme wowote. Ni kifaa kinachochukua umeme wa betri, kwa kawaida wa volti 12, 24 au 48, na kuugeuza uwe wa volti 230 kama ule wa TANESCO. Katikati yake ipo jenereta ya inveta, ambayo ni jenereta yenye injini kama nyingine, lakini umeme wake hupitishwa kwanza kwenye saketi ya kuunyoosha kabla haujafika kwenye soketi. Wati ni kipimo cha nguvu inayotumika kwa wakati fulani, na wati 1,000 ni kilowati moja. Jumla ya wati za vifaa vilivyowashwa ndiyo mafundi huita mzigo.

Nguvu: usisome jina, soma ampea

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa jenereta, kama 3500 au 3800, mara nyingi ni jina la toleo tu. Nguvu halisi imeandikwa kwenye kibati kidogo kilichogongewa au kubandikwa karibu na soketi, na hapo kuna maneno mawili yanayopaswa kutafutwa: RATED na MAX. La kwanza linaonyesha nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa kwa saa nyingi bila kuumia. La pili linaonyesha nguvu ya juu kabisa, ambayo inaruhusiwa kwa muda mfupi tu, kwa mfano pale mota inapoanza kuzunguka. Kwa jenereta ndogo za petroli tofauti kati ya hizo mbili si kubwa. Mashine ya kilowati 2.5 za kudumu kwa kawaida huandikwa 2.8 kwenye kilele. Muuzaji hutaja ya pili, na mnunuzi anapaswa kupanga matumizi yake kwa ya kwanza.

Ikiwa kibati kina maandishi yasiyoeleweka, au kimeandikwa namba zinazopingana, tazama ampea. Zidisha ampea kwa volti 230 na utapata wati. Mashine iliyopakwa namba 3500 ubavuni lakini kibati chake kinasema ampea 10.9 inatoa wati 2,500 na si zaidi, hata jina lake liseme nini. Hesabu hii ya mstari mmoja, inayofanyika kwa simu papo hapo dukani, inaokoa fedha nyingi kuliko ushauri mwingine wowote ninaoweza kuutoa katika makala haya.

Kuhusu kVA, watu wengi hudhani ni namna nyingine ya kuandika kilowati. Vipimo hivyo viwili vinakaribiana lakini havilingani, kwa sababu kVA huhesabu umeme wote unaopita kwenye nyaya, wakati kilowati huhesabu ule unaofanya kazi. Uwiano kati ya hivyo viwili huandikwa kwenye kibati kwa alama cosφ. Jenereta za dizeli kwa kawaida huwa na 0.8, kwa hiyo jenereta ya kVA 5 hutoa kilowati 4. Jenereta ndogo za petroli za fezi moja mara nyingi huandikwa 1.0, na hapo kVA na kilowati huwa sawa. Ukikuta kVA peke yake bila cosφ, zidisha kwa 0.8 na upange kwa jibu utakalopata.

Lipo jambo moja ambalo kibati hakiwezi kukuambia, nalo linawahusu moja kwa moja wakazi wa Tabora. Nguvu iliyoandikwa imepimwa karibu na usawa wa bahari. Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 juu ya usawa huo, ambako hewa ni nyepesi zaidi, na injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa urahisi wa hesabu, tuondoe asilimia 10. Mashine ya kilowati 2.5 za kudumu na 2.8 za kilele inakuwa na 2.25 za kudumu na takriban 2.5 za kilele. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ni chini kuliko Tabora, upungufu huo ni mdogo zaidi lakini upo. Ndiyo maana jenereta iliyofanya kazi vizuri kwa ndugu yako aliyeko Dar es Salaam inaweza kulemewa na vifaa vilevile ukiileta hapa, na fundi akaifungua kabureta mara tatu akitafuta ugonjwa ambao haupo.

Vifaa: namba iliyoko mgongoni mwa friji si namba yote

Swali la "inaendesha nini?" haliwezi kujibiwa kwa kujumlisha wati zilizoandikwa kwenye vifaa, kwa sababu vifaa haviombi umeme kwa namna moja. Vifaa vya joto, yaani pasi, birika la umeme na jiko, huomba umeme mwingi, lakini huomba kile kilichoandikwa na havizidishi. Taa, tivii, king'amuzi na chaja za simu huomba kidogo. Vyenye mota, yaani friji, friza na pampu ya maji, vina tabia tofauti: wakati wa kuanza huomba umeme mara tatu hadi mara saba ya ule wa kawaida, kwa muda usiofika hata sekunde moja, kisha hutulia. Ni sawa na baiskeli iliyopakiwa magunia mawili ya mkaa: kuiondoa pale iliposimama kunahitaji watu wawili, lakini ikishatembea mtu mmoja anaisukuma mwenyewe.

Jenereta isiyoweza kutoa msukumo huo wa kwanza haitaonyesha tatizo kwa kuzimika. Utasikia kompresa ya friza ikinguruma kwa sekunde chache huku taa zikififia na sauti ya injini ikishuka, kisha utasikia mlio mdogo wa "tik" nyuma ya friza, halafu kimya. Mlio huo ni wa kinga ya kompresa inayokata umeme ili mota isiungue. Baada ya dakika chache itajaribu tena, na tena. Mwenye friza akipita akaona taa ya kijani inawaka hudhani inafanya kazi, na anagundua jioni kwamba samaki wameyeyuka. Kompresa iliyoachwa ijaribu hivyo kwa siku nyingi huungua mwishowe.

Tuchukue mfano wa duka dogo la vinywaji na barafu eneo la Ipuli. Lina friza ya kawaida ya wati 130, friji ya kioo ya kuonyeshea soda ya wati 300, tivii ya wati 80, taa tano za wati 10 kila moja, feni ya wati 60, na chaja za simu za wateja ambazo kwa jumla tuziweke wati 30. Vyote vikiwa vimeshaanza kufanya kazi, mzigo ni wati 650, na mtu anaweza kusema kwamba kijenereta cha wati 800 kinatosha kabisa. Hakitoshi. Friza inapoanza inaweza kuomba karibu wati 800, na friji ya kioo karibu wati 1,500. Wakati mgumu wa kawaida ni pale friji ya kioo inapoanza huku vingine vyote vinafanya kazi: wati 350 za vingine jumlisha 1,500, ambazo ni 1,850. Wakati mgumu kuliko wote ni pale jenereta inapowashwa na kompresa zote mbili zikaanza kwa pamoja: wati 220 za taa, tivii, feni na simu, jumlisha 800, jumlisha 1,500, jumla 2,520.

Jenereta yetu ya 2.5 za kudumu ina kilele cha takriban 2,500 kwa hewa ya Tabora. Kwa kilele cha kawaida inatosha na nafasi inabaki. Kwa kile kigumu kabisa iko ukingoni. Dawa si kununua kubwa zaidi. Ni kuchomoa friji ya kioo kabla ya kuwasha jenereta, kuiacha friza ianze kwanza, kusubiri dakika tano, kisha kuichomeka friji. Dakika hizo tano zina faida nyingine, kwa sababu kompresa iliyokatiwa umeme ghafla hubaki na mgandamizo ndani yake, na ikilazimishwa kuanza kabla mgandamizo haujapungua huomba umeme mwingi zaidi na hushindwa.

Katika duka hilohilo, pasi ya wati 1,000 ikichomekwa, mzigo wa kudumu unapanda hadi 1,650, ambao mashine inaubeba, lakini friji ya kioo ikianza wakati huo inahitajika 2,850 na haipo. Kwa hiyo tangazo linaloorodhesha friji, friza, pampu, pasi na tivii linaweza kuwa sahihi kwa kila kifaa kikiwa peke yake, na likawa si sahihi kwa vyote pamoja. Neno ambalo mnunuzi anapaswa kuliulizia ni "kwa pamoja". Friji mpya zenye kompresa ya inveta ndizo pekee zinazobadilisha hesabu hii, kwa kuwa huanza taratibu bila kuomba msukumo mkubwa, na anayezitumia anaweza kuridhika na jenereta ndogo zaidi.

Saa za kuwaka hutegemea ulichochomeka

Namba ya saa 13 kwa tangi la lita 15 ni ya kweli kwa mzigo wa nusu, yaani wati 1,250 hivi kwa mashine yetu, ambayo ni lita 1.1 au 1.2 kwa saa. Ukiibebesha mzigo wote inaweza kunywa karibu lita moja na nusu kwa saa, na tangi lilelile litaisha ndani ya saa 10. Hadi hapo watu wengi wanaelewa. Kisichoeleweka ni kinachotokea mzigo ukiwa mdogo.

Jenereta ya kawaida lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, kwa sababu mizunguko hiyo, ambayo ni 50 kwa sekunde, ndiyo inayotoa umeme wa hezi 50 unaotumiwa na vifaa vyetu. Haiwezi kupunguza mwendo eti kwa kuwa umewasha taa tatu tu. Inaendelea kuzunguka vilevile, na sehemu kubwa ya mafuta inatumika kuizungusha injini yenyewe. Hata bila kifaa chochote itakunywa karibu nusu lita kwa saa. Kwa duka letu, ambalo kompresa huzimika na kuwaka na wastani wa mzigo ni kama wati 450, matumizi yatakuwa karibu lita 0.7 kwa saa. Tukichukulia petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, kwa urahisi wa hesabu, kwani bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, hiyo ni shilingi 2,100 kwa saa moja. Umeme uliopatikana ni uniti 0.45 tu, maana yake uniti moja imegharimu zaidi ya shilingi 4,600, wakati uniti ya LUKU kwa mtumiaji wa kawaida haifiki shilingi 400. Hapo ndipo unaona kwa nini kununua jenereta kubwa "ili isichoke" ni kosa la kila siku ya matumizi: kadiri mashine inavyozidi mahitaji yako, ndivyo unavyolipia mizunguko mitupu.

Jenereta ya inveta haifungwi na mizunguko 3,000, kwa kuwa umeme wake unanyooshwa baadaye na saketi. Mzigo ukipungua, injini hupunguza mwendo, na mafuta na kelele hupungua pamoja. Kwa duka la wastani wa wati 450, hiyo ndiyo faida yake halisi. Bei yake ya kununua ni kubwa zaidi kwa nguvu ileile, na saketi yake ikiungua si kila fundi wa Tabora anayeweza kuitengeneza.

Namna ya kujua matumizi ya mashine yako ni rahisi. Jaza tangi hadi alama unayoweza kuitambua, iwashe na mzigo wako wa kawaida kwa saa moja, izime, isubiri ipoe, kisha irudishie mafuta hadi alama ileile kwa kutumia chupa unayoijua ujazo wake. Kilichoingia ndicho ilichokunywa. Namba hiyo ina thamani kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu ni ya vifaa vyako na hewa ya kwako.

Kuhusu aina ya mafuta, imani iliyoenea ni kwamba dizeli daima ni nafuu. Injini ya dizeli kweli hutoa umeme zaidi kwa kila lita, ikiwa imebebeshwa mzigo wa kutosha. Lakini jenereta ya dizeli ya kVA 5 iliyobebeshwa wati 450 haitatofautiana sana na ya petroli kwa lita za kila saa, na kibaya zaidi, injini ya dizeli inayofanya kazi kwa mzigo mdogo siku nyingi haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote, ikajaa masizi na kuanza kutoa moshi na oili kwenye ekzosi. Dizeli inamfaa mwenye mashine ya kukamua alizeti, karakana ya kuchomelea, au kisima chenye pampu kubwa. Kwa upande wa petroli, angalia kama injini ni ya mipigo minne au miwili. Vile vijenereta vidogo vya wati 650 hadi 800 mara nyingi ni vya mipigo miwili na vinahitaji petroli iliyochanganywa na oili. Ukivitilia petroli tupu, pistoni huganda.

Kelele

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakipandi kama kilo au lita. Ongezeko la desibeli 10 husikika sikioni kama sauti maradufu. Mashine ya desibeli 70 basi husikika mara mbili ya ile ya 60, ingawa kwa kuangalia namba tofauti yake inaonekana ndogo.

Jambo linalowachanganya wanunuzi zaidi ni kwamba mashine moja inaweza kuandikwa 95 na 70, na namba zote mbili zikawa sahihi. Kibandiko chenye alama LwA 95 kinaeleza sauti yote inayotoka kwenye mashine yenyewe. Namba ya 70 ni ile inayofika sikioni kwa mtu aliyesimama mita saba, mahali pa wazi. Tofauti ya kama 25 kati yake inatokana na umbali tu. Kwa hiyo unapolinganisha jenereta mbili, hakikisha unalinganisha LwA kwa LwA, au mita saba kwa mita saba, na uulize pia ilipimwa na mzigo kiasi gani, kwa sababu jenereta za inveta hupenda kutangaza kelele ya robo ya mzigo. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali maradufu sauti hupungua desibeli 6, hivyo mashine ya 70 kwenye mita 7 itasikika kama 64 kwenye mita 14.

Neno "sailenti" kwenye dizeli lenye kasha lina maana ya kelele iliyopunguzwa ikilinganishwa na injini ya dizeli iliyo wazi. Dizeli la namna hiyo bado linaweza kufika desibeli 70 na zaidi kwa mita saba, sawa na petroli isiyo na kasha. Pia kelele isiwe sababu ya kuingiza jenereta stoo, barazani au nyuma ya mlango. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu waliolala kabla hawajahisi chochote. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, ekzosi ikielekea kusiko na nyumba.

Inveta na betri: saa ziko kwenye betri

Inveta iliyoandikwa 2000W kwenye boksi mara nyingi hutoa wati 1,000 kwa kudumu, na 2,000 ni kilele. Sheria ya kusoma ni ileile. Tofauti ni kwamba inveta peke yake haina saa za kuwaka. Saa ziko kwenye betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema, kwa hiyo zinabaki 1,200, na inveta yenyewe inapoteza kama asilimia 15, zikabaki karibu 1,020.

Ukiitegemea kwa duka zima la wastani wa wati 450, hesabu inasema saa mbili na robo, lakini hutazipata. Ampea-saa 200 zimepimwa betri ikitoa ampea 10 tu kwa saa 20, na wewe unaiomba zaidi ya 40. Ikikamuliwa haraka, betri ya asidi hutoa pungufu ya kilichoandikwa. Hata saa mbili hazitafika. Kwa tivii, taa, feni na simu peke yake, ambazo ni wati 220, utapata karibu saa nne, bila moshi, bila kelele isipokuwa ya feni ndogo ya kupoozea. Betri za lithiamu huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake na hazipungui sana zikikamuliwa, na hiyo ndiyo sababu ya bei yake. Betri ya gari haifai kazi hii. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiimaliza kila usiku haichukui muda kuharibika.

Kabla ya kulipa tafuta pia maneno PURE SINE WAVE kwenye boksi. Yakiwa MODIFIED SINE WAVE, taa na chaja kwa kawaida hazitasumbua, lakini feni italia, na kompresa ya friji itapata joto kupita kiasi.

Jaribio dukani, na maelezo yanavyopaswa kuandikwa

Kwa jenereta, omba jaribio la mzigo, usikubali la taa moja. Birika la umeme la wati 2,000 ni kipimo kizuri kwa sababu linaomba kilichoandikwa na halina msukumo wa kuanzia. Lijaze maji, lichomeke kwenye jenereta ya kilowati 2.5 iliyokwisha kupata joto, na fundi ashike mita kwenye soketi ya pili. Volti isishuke chini ya 207, na vizuri ibaki karibu na 220. Rudia na maji mengine hadi dakika kumi zipite. Injini ikitetereka, moshi mweusi ukitoka huku choki ikiwa imefunguliwa, au kibreka kikikata, nguvu iliyoandikwa haipo.

Mashine ya duka la Ipuli, ikielezwa kwa uaminifu, ingesomeka hivi: jenereta ya petroli, mipigo minne, fezi moja, volti 230, ampea 10.9, kilowati 2.5 za kudumu na 2.8 za kilele, ambazo kwa Tabora ni takriban 2.25 na 2.5, tangi lita 15, saa 13 kwa nusu ya mzigo na karibu saa 20 kwa wati 450, kelele LwA 95, sawa na desibeli 70 kwa mita saba, inaendesha kwa pamoja friza moja, friji ya kioo moja, tivii, feni na taa, friji zikianzishwa kwa zamu, haiendeshi pasi wakati friji ya kioo inafanya kazi, oili ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 50 hadi 100 kama kitabu chake kinavyoelekeza. Muuzaji anayeweza kuandika hivyo kwenye risiti anaijua bidhaa yake, na mnunuzi akirudi na malalamiko, wote wawili watakuwa na karatasi moja ya kusomea.